Mtoto Anapojisemea, Asema na Nani?

"Shangazi, hizi sura mbili zasema kitu kimoja kwa majina mawili."

Mpwa wangu aliniambia hivyo akiwa ameketi kwenye daka la nyumba yetu hapa Langoni, Lamu, simu mkononi, daftari mapajani. Anasomea ualimu wa chekechea. Mkufunzi wao aliwapakia sura mbili, moja kuhusu Jean Piaget na nyingine kuhusu Lev Vygotsky, wanasaikolojia wawili waliochunguza fikra za watoto, akawataka wazilinganishe na kueleza zinatofautiana wapi. Kazi aliyokuwa ameiandika ilikuwa jedwali la safu mbili. Upande mmoja: "Piaget, mtoto hujifunza mwenyewe kwa hatua." Upande wa pili: "Vygotsky, mtoto hujifunza kupitia jamii." Chini yake mistari sita au saba ya namna hiyo hiyo.

Nimefundisha chekechea miaka mingi na jedwali hilo nimeliona kwa wanachuo wengi. Kila mstari wake una ukweli, lakini ukimaliza kulisoma hujui bado hao wawili waligombania nini. Mtu anaweza kukubali kwamba mtoto hupitia hatua na pia kwamba jamii humfunza, akalala usingizi wake vizuri. Ukitaka kuona nadharia mbili zimeachana, tafuta jambo moja ambalo zote mbili zimelitazama kwa macho, kisha uulize kila moja inatabiri nini kitatokea tukilibadilisha. Hapo ndipo zitakapokwenda njia mbalimbali. Katika sura zile mbili jambo hilo lipo, ila limepewa aya moja moja tu: maneno ambayo mtoto mdogo hujisemea akiwa kazini.

Niliona bora tulitazame jambo lenyewe kabla ya kurudi kwenye sura. Nje ya mlango palikuwa na mtoto wa jirani, umri wake miaka mitano na nusu hivi, anatengeneza kidau kwa kipande cha ndara iliyokatika. Mlingoti wake ulikuwa chelewa ya mnazi, tanga lake kipande cha mfuko wa nailoni. Mwenzake alikuwa kando yake na chake. Nilimwambia mpwa wangu aandike kila neno litakalomtoka yule mtoto, bila kurekebisha, mpaka yafike matamshi kumi na mawili.

Haya ndiyo aliyoandika. "Nipe kamba." "Tini, tini." "Hapana, yuu." "Kidau." "Changu kikubwa." "Moya, mbili." "Sasa tanga." "Baba." "Limepinda." "Ona!" "Fupi." "Nyengine." Kwa msomaji asiyekijua Kiamu, tini ni chini, yuu ni juu, moya ni moja.

Piaget alifanya kazi ya namna hii hii, kwa subira kubwa kuliko yetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu lugha na fikra za mtoto, anaeleza jinsi walivyowafuata watoto wawili wa miaka sita kwa takriban mwezi mmoja katika shule ya watoto wadogo ya Taasisi ya Rousseau mjini Geneva, wakaandika matamshi kama 1,500 ya kila mmoja. Kisha akayagawa. Majibu ya maswali aliyaweka kando, kwa sababu jibu hulazimishwa na muulizaji. Yaliyobaki aliyapanga mafungu mawili: yale ambayo mtoto anamwambia mtu, na yale ambayo anayasema bila kujali kama kuna anayesikia. Fungu hili la pili akaliita usemi wa umimi, na ndani yake akaweka aina tatu. Kuna kurudiarudia maneno kwa raha ya kuyatamka. Kuna kujisemea peke yako. Na kuna ile ambapo watoto wawili wamekaa pamoja, kila mmoja anasema yake, hakuna anayemjibu mwenzake.

Tukichukua orodha yetu, "Kidau" na "Baba" yalikuwa majibu, kwa kuwa nilimuuliza anatengeneza nini na nani kamfunza. Tunayatoa. Yanabaki kumi. "Nipe kamba", "Changu kikubwa" na "Ona!" yalielekezwa kwa mwenzake, alimtazama na akangoja. Saba yaliyosalia hakumtazama mtu, hakungoja kitu, wala hakurudia kwa sauti kubwa zaidi pale ambapo hakusikiwa. Saba kwa kumi ni 0.7. Piaget kwa watoto wake wawili alipata 0.47 na 0.43, maana yake karibu nusu ya walichosema kwa hiari yao hakikuwa cha kumwambia mtu. Hesabu yetu ya matamshi kumi haiwezi kusimama na ya 1,500, na mtoto aliyeinamia kidau si sawa na mtoto anayecheza huku na huku asubuhi nzima. Niliifanya ili mpwa wangu aone namba hiyo inazaliwaje, maana sura ya kwanza inaitaja kama vile imeanguka kutoka juu.

Hapa kuna neno la kusafishwa kwanza. Katika vijitabu vyetu vya ualimu nimeona usemi huu ukiitwa usemi wa ubinafsi, na mwanachuo akisoma ubinafsi anaelewa uchoyo. Nimewahi kusikia mwalimu mwanafunzi akieleza kwamba kulingana na Piaget, mtoto wa miaka mitano hataki kugawana vitu. Piaget hakuwa akizungumzia tabia. Alikuwa akisema kwamba mtoto wa umri huo bado hajaweza kujitoa mahali aliposimama na kuona kwamba mwenzake anaona vingine, kwa hiyo hasumbuki kuyaweka maneno yake yaeleweke na mwenzake. Kwake maneno saba ya mtoto wetu ni kama kivuli kinachoifuata kazi: yanaandamana nayo, yanatia ladha, lakini ukiyaondoa kazi haibadiliki. Mtoto akifika miaka saba au minane, akizoea kubishana na kushirikiana na wenzake, usemi huu unapungua kwa kuwa usemi wa kweli wa kuambiana umechukua nafasi yake.

Vygotsky alisoma hayo akayachukua kwa uzito wote. Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, 1896, Piaget Neuchâtel huko Uswisi, Vygotsky Orsha katika Belarusi ya leo. Vygotsky hakukataa kwamba watoto hujisemea. Alichouliza ni: kama maneno haya hayana kazi, mbona yanaongezeka kazi inapokuwa ngumu?

Kulijaribu hilo, yeye na wenzake waliwapa watoto kazi ya kuchora kisha wakawatilia kizuizi. Mtoto anatafuta penseli ya rangi fulani, haipo. Anataka karatasi, haipo. Katika vizuizi hivyo kiwango cha kujisemea kilipanda karibu mara mbili ya kawaida. Na ameeleza kisa kimoja ambacho kila anayesoma sura hii angepaswa kukishika. Mtoto wa miaka mitano na nusu alikuwa akichora behewa la tramu. Alipofika kwenye gurudumu alikandamiza penseli, ncha ikakatika. Akajaribu tena, karatasi ikabaki na alama tu bila rangi. Akanong'ona, "Imevunjika," akaweka penseli kando, akachukua rangi za maji, akachora behewa lililovunjika linalotengenezwa baada ya ajali, huku akiendelea kujisemea juu ya mabadiliko ya picha yake. Neno lile moja lilitokea kwa bahati, kisha likaigeuza picha nzima.

Mpwa wangu alikuwa bado anasoma kisa hicho kwa sauti wakati chelewa ya yule mtoto nje ilipokatika. Tulinyamaza kumsikiliza. Akavuta chelewa nyengine kutoka kwenye ufagio, nyembamba vile vile, nayo ikapinda. Akasema, "Ndefu." Akaishika nyengine. "Hapana. Nene." Mkono ulikuwa umeshagusa chelewa nyembamba ya tatu. Ukasimama. "Nene, nene," na hapo akachukua mbili, akazilaza pamoja, akazifunga kwa uzi.

Nilimwomba mpwa wangu aandike pembeni kilichotangulia, neno au mkono. Mwanzoni, aliposema "Limepinda", tanga lilikuwa limeshapinda, neno lilifuata. Aliposema "Nene", mkono ulikuwa bado unafanya kosa lile la kwanza, na neno ndilo lililousimamisha. Vygotsky aliligusia hili katika michoro ya watoto: mdogo sana huchora kwanza kisha ndipo akaipa picha jina, mkubwa kidogo huitaja akiwa katikati, na baadaye huitaja kabla hajaanza. Neno linasogea polepole kutoka mwisho wa tendo hadi mwanzo wake, na likifika mwanzo linakuwa mpango.

Sura ya pili inalieleza hili kwa sentensi moja kavu, kwamba usemi binafsi, yaani kujisemea, huratibu tendo. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini msomaji hawezi kuitumia darasani kama hakuambiwa atazame mkono.

Basi mpaka hapa tuna maelezo mawili ya jambo moja. Kwa Piaget, mwendo wa mtoto unatoka ndani kwenda nje: anaanza na fikra zake mwenyewe zisizojua watu, anapitia umimi, anaishia kwenye fikra anazoweza kuziweka wazi kwa wengine. Kwa Vygotsky mwendo ni kinyume. Lugha ya mtoto ni ya watu tangu siku ya kwanza. Anaambiwa, anaamrishwa, anaulizwa. Kisha anachukua maneno yale yale aliyokuwa akiambiwa na anajiambia mwenyewe kwa sauti, na mwisho sauti inazama na kuwa fikra za kimya, yaani usemi wa ndani. Kujisemea ni kituo cha katikati cha safari hiyo.

Ukiishia hapo, bado una jedwali, ingawa lililo bora kidogo. Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi katika mabishano haya yote, na sura ya pili imeipitia mbio. Vygotsky alijiuliza: ni hali gani ambayo nadharia yake na ya Piaget zingetabiri matokeo yanayopingana? Kama kujisemea kunatokana na mtoto kushindwa kuwa mtu wa watu, basi ukimtenga na watu, umimi uachiwe uwanja na maneno yaongezeke, au kwa uchache yasipungue. Kama kujisemea kumechipuka kutoka kwenye kusema na watu na bado hakujakatika vizuri kutoka kwenye shina hilo, basi ukiondoa watu, nako kutanyauka.

Alijaribu kwa namna tatu, kila mara akipima kwanza kiwango cha mtoto katika hali ya kawaida. Alimweka mtoto kati ya watoto viziwi, au wanaosema lugha asiyoijua. Alimweka peke yake kwenye meza ya pembeni, au na watoto wasiomjua. Na alimweka mahali penye kelele kubwa, hata muziki ukapigwa nje ya ukuta wa maabara, hadi mtoto asijisikie mwenyewe. Katika hali zote kujisemea kulipungua. Kati ya watoto wasioweza kumwelewa, kwa wengi kulishuka hadi sifuri. Mtoto hujisemea pale anapohisi kuna anayeweza kumsikia, hata kama hamtaki amjibu.

Yule mtoto wetu alionyesha kitu kinachofanana na hicho. Mwenzake aliitwa na mamake, akaondoka na kidau chake. Kazi ya kufunga tanga ilikuwa bado, na ilikuwa ngumu kuliko ya mwanzo, lakini maneno yalipungua hadi tukawa tunasikia pumzi tu. Mpwa wangu alifurahi akataka kuandika kwamba Vygotsky ameshinda Langoni. Nikamwambia afute. Mtoto mmoja, jioni, pengine ameshachoka, na watu wazima wawili wenye daftari wanamkodolea macho. Kila moja ya hayo lingeweza kumnyamazisha. Na haki hiyo hiyo tumpe Piaget dhidi ya Vygotsky mwenyewe, kwa sababu Vygotsky aliyaeleza majaribio haya kwa ufupi mno. Hatuonyeshwi matokeo ya mtoto mmoja mmoja. Alifariki Juni 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37, na kitabu chenye majaribio haya kilitoka mwaka huo huo.

Upo ushahidi mwingine ambao hauhitaji kumtenga mtoto na yeyote, nao unahusu umbo la maneno. Kama kujisemea kunakufa, basi kadiri miaka inavyokwenda maneno hayo yangezidi kufanana na maneno ya kawaida yanayoeleweka na kila mtu. Kama kunazama ndani, yangezidi kuwa mafupi, yaliyokatwakatwa, yasiyoeleweka na asiyekuwapo. Vygotsky alikuta hili la pili. Kwa mtoto wa miaka mitatu hakuna tofauti ya maana kati ya anachojisemea na anachowaambia watu, lakini karibu na miaka saba vimekuwa vitu viwili mbalimbali. Namba inashuka kama Piaget alivyoona, ila kinachobaki kinazidi kuwa cha pekee. Vygotsky aliona kwamba kinachodondoka kwanza ni kiima: mtoto anabakisha kinachosemwa, na anaacha kinachosemewa kwa kuwa anakijua.

Na hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna jambo la kuangalia ambalo hakuna sura kati ya hizo mbili ingeweza kutuambia. Katika lugha yetu kiima hudondoka kila siku, hata watu wazima tukiambiana, kwa sababu kitenzi kimeshabeba kiambishi chake. "Limepinda" ni sentensi kamili. Mtu aliyeketi hapo anajua ni kitu cha namna ya tanga, hawezi kuwa mlingoti, maana mlingoti ungesemwa "umepinda". Mwalimu wa Kiswahili akihesabu sentensi zisizo na kiima kilichotajwa, atadhani watoto wote wa Lamu wamefikia usemi wa ndani wakiwa na miaka mitatu. Cha kutazama kwetu ni pale ambapo hata kiambishi kimeachwa. "Fupi." "Nene." "Fupi" ile ingeweza kuwa ya kamba, chelewa au tanga, na mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake sikujua ni ipi mpaka nilipouona mkono wake. Yeye alijua. Huo ndio ufupi anaouzungumzia Vygotsky.

Piaget mwenyewe alijibu, lakini kwa kuchelewa. Kitabu cha Vygotsky kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1962, aliandika maoni yake na kusikitika kwamba hakuyasoma hayo mapema wakazungumza. Alikubali kwamba kujisemea kunaweza kuwa chanzo cha usemi wa ndani. Alichokishikilia ni kwamba umimi wa fikra, yaani kushindwa kuona kwa jicho la mwenzako, ni jambo jingine na bado lipo, na kwamba mtoto anayedhani anaeleweka na kila mtu ndiye hasa aliyekuwa akimzungumzia. Nadhani hapo ana hoja. Mtoto wetu aliposema "Ona!" alikuwa amekiinua kidau akijitazamia yeye upande wenye tanga, na mwenzake akawa anaona kisogo cha ndara. Kwa hilo sura ya kwanza inaeleza vizuri kuliko ya pili.

Kwa hiyo nilimshauri mpwa wangu asiandike nani mshindi. Aandike kwamba juu ya kazi ya maneno ya kujisemea na mwisho wake, sura ya pili ina ushahidi na ya kwanza imebaki na hesabu tu. Na juu ya kushindwa kuona upande wa mwenzake, ya kwanza ndiyo inayotufaa. Nikamwambia pia aondoe neno kiunzi alipoandika kwamba ni la Vygotsky. Mfano wa kumjengea mtoto kiunzi cha msaada kisha kukiondoa uliletwa na watafiti Wood, Bruner na Ross mwaka 1976. Alichosema Vygotsky kuhusu msaada ni kipimo: watoto wawili wenye uwezo wa miaka minane, mmoja akisaidiwa anafika maswali ya miaka kumi na miwili, mwengine hapiti tisa, basi hao si sawa hata kama mtihani uliwapa alama moja. Wanachuo wengi hulisoma hilo kama shauri la kusaidia watoto, wakaacha sehemu ya kupima.

Alikubali yote isipokuwa moja. Alitaka ajionee darasani kabla hajaandika. Wiki iliyofuata alikwenda mazoezi ya ufundishaji katika chekechea moja, shule siitaji, akachora safu tatu kwenye daftari: alichosema mtoto, alimtazama nani, mkono ulikuwa wapi. Jioni aliniletea ukurasa mmoja.

Msichana wa miaka sita alikuwa akijumlisha saba na tano kwa vizibo vya soda. Aliweka saba, akaweka tano, akaanza kuvisogeza kimoja kimoja huku akinong'ona idadi. Alipofika tisa, mwalimu wa darasa akasema, "Nyamaza, hesabu kwa kichwa." Safu ya kwanza hapo ni tupu. Safu ya tatu imeandikwa: kidole kimesimama juu ya kizibo cha tisa. Kisha: ametazama vizibo, amevikusanya vyote kwa viganja. Kisha safu ya kwanza ina neno tena, na pembeni mpwa wangu ameandika kwamba alilisema midomo ikiwa imefungwa karibu yote, mkono umeziba mdomo: "Moya."